Uzoefu wangu: nimelipia kutafsiriwa sheria za gemu la Catan, hiki ndo nilichopata

Kaka yangu aliniletea Catan, lile gemu la ubaoni la kujenga vijiji na barabara, boksi zima Kiingereza. Hapa kwetu Nzuguni wanaocheza ni wanangu wawili, shemeji na mama mwenye nyumba, na kila Jumapili mkalimani nilikuwa mimi. Mtu akipata karata ya maendeleo ananisogezea, "baba Neema hebu nisomee hii", sasa siri ya karata iko wapi kama anayekusomea ndo mpinzani wako? Nikatafuta mtu wa kutafsiri, jamaa mmoja wa hapahapa mjini ambaye kazi yake ya kila siku ni nyaraka za mikutano, tukakubaliana elfu themanini kwa kijitabu cha sheria pamoja na maandishi ya karata.

Baada ya wiki nikapata faili. Kiswahili kimenyooka, sanifu kabisa, ungekipeleka bungeni kingepita. Kwenye meza kikatushinda ndani ya dakika kumi.

Kwanza ameandika "chora karata moja". Mwanangu mdogo kaenda kuchukua kalamu, wallahi. Vijiweni kila mcheza karata anajua kulamba, unalamba juu ya rundo, ila jamaa inaonekana hajawahi kukaa kijiweni. Mali ya tofali ukurasa wa tatu kaiita "udongo", kwenye bei ya barabara ikawa "tofali", halafu kwenye karata "matofali ya kuchoma", shemeji akauliza hizi ni mali ngapi sasa. Lakini hayo ni maneno tu, unabadilisha yanaisha. Kilichotuvuruga hasa ni utaratibu wa zamu.

Zamu ya Catan ina hatua tatu: unarusha dadu, unabadilishana mali, unajenga. Yeye hatua ya kwanza kaiandika "rusha dadu kisha uchukue mali zako". Kisarufi hamna kosa, ila kwa hiyo "u" moja gemu limeharibika, maana kwa sheria halisi dadu ikitua namba fulani KILA mwenye kijiji pembeni ya kipande cha ubao chenye hiyo namba anapata mali, hata kama zamu si yake, na mwenye mji anapata mbili. Sisi tukacheza nusu saa nzima anayepata ni mrushaji peke yake, mali zikawa adimu kama mvua ya Dodoma mwezi wa saba, hakuna anayejenga. Mimi nilikuwa naona ila nilikaa kimya makusudi, nilitaka nijue kijitabu chenyewe kinaweza kusimama bila mimi. Nilikuwa na daftari tu, kila swali linaloulizwa naandika na ukurasa wake. Yalifika ishirini na tatu.

Nikamrudishia na lile daftari nikamwambia njoo ucheze na sisi kwanza ndo urekebishe. Alinuna kidogo, akaja. Hapo ndo nampa sifa zake, maana toleo la pili ni kazi nyingine kabisa. Mwanzoni kaweka ukurasa mmoja wa maneno, kila kitu jina moja na halibadiliki mpaka mwisho. "Zamu" ni ya mtu mmoja, "mzunguko" ni pale wote wameshacheza, mwanzo alikuwa anayachanganya. "Kijiji" na "mji", siyo "makazi" na "jiji" kama mwanzo (mama mwenye nyumba alisema jiji ni Dodoma ya kuanzia 2018, nyumba moja ya plastiki haiwezi kuwa jiji, hoja ikapita). Na kila sentensi inataja nani anafanya: wewe, kila mchezaji, au wachezaji wengine wote. Kubadilishana kwa mfano kaandika mwenye zamu ndo anabadilishana na wenzake, wao kwa wao hapana.

Sehemu niliyoipenda zaidi ni dadu ikitoka saba. Toleo la kwanza lilisema "mwenye karata zaidi ya saba atoe nusu, kwa kukadiria chini, kisha achukue karata yake moja". Huku "zaidi ya saba" wengine walikuwa wanaihesabu na saba yenyewe, "kukadiria chini" hakuna aliyeelewa, na "yake" ni ya nani? Sasa imekuwa "mwenye karata 8 au zaidi", na chini yake kuna mfano na majina ya watu. Zamu ni ya Asha, kapata 7. Hakuna anayepata mali. Baraka ana 11, anarudisha 5. Chiku ana 9, anarudisha 4, kwa sababu nusu ni nne na nusu na ile nusu unaisamehe. Dula ana 7, harudishi kitu. Asha mwenyewe ana 8, anarudisha 4, hata kama dadu karusha yeye. Kila mtu anachagua mwenyewe za kurudisha, na zinarudi kwenye rundo la mali, hapewi Asha. Halafu Asha anamhamisha jambazi, kile kisanamu cha ubaoni, kwenda kipande kingine, hapo pembeni kuna kijiji cha Chiku, basi Asha anavuta karata moja ya Chiku bila kuiona. Baada ya hapo Asha anaendelea na zamu yake, anabadilishana na kujenga kama kawaida. Hiyo sentensi ya mwisho ilimaliza ugomvi, maana shemeji alikuwa anaamini saba inakata zamu.

Karata nazo zimekaa vizuri. Ile ya kuhodhi mwanzo iliandikwa "mchezaji mwingine akupe mali utakayotaja", tukawa tunamdai mtu mmoja. Sasa: "Taja aina moja ya mali. Wachezaji wengine wote wakupe karata zao zote za aina hiyo." Kwenye kijitabu kaongeza kwamba karata ya maendeleo unatumia moja tu kwa zamu, hata kabla ya dadu ruksa, ila uliyoinunua zamu hii subiri zamu ijayo. Karata za pointi tu ndo hazifuati hilo, unazifunua siku ukifika pointi kumi.

Angalizo kwenye kuprinti: alinishauri stika, nikabandika kwenye karata tatu, zikawa nene na ukipapasa rundo unazijua. Nikazibandua, karata zote 25 za maendeleo nikazivalisha plastiki zenye mgongo usioonesha, kikaratasi cha Kiswahili ndani mbele ya maandishi ya zamani. Maandishi mengine ilibidi ayakate, Kiswahili kilikuwa kirefu kuliko nafasi.

Nampa nyota tatu na nusu. Nusu nyingine nimeishikilia mpaka arekebishe ukurasa wa benki, kaandika "toa karata nne upate moja" bila kusema nne za aina moja, na Jumapili iliyopita mama mwenye nyumba katoa sufu mbili, mbao na ngano akachukua tofali akajenga kijiji. Nikamwambia mama hiyo hairuhusiwi, akanionesha ukurasa.