TAHADHARI: Taa inawaka, muziki unapiga, lakini seli ni mfu

Yule muuzaji wa spika "zilizotumika kidogo" bado anauza, na waliopigwa wamekaa kimya kwa aibu. Jina silitaji hapa, mnamjua.

Mchezo wenyewe ni huu. Unafika, spika tayari imechomekwa kwenye waya. Taa nyekundu ya chaji inawaka. Anaunganisha simu, anafungua sauti hadi mwisho, besi inatikisa meza. Ukinyoosha mkono kuchomoa waya anakuwahi: "Iache kwanza, betri imelala, haijachajiwa siku nyingi." Maneno hayo yanaingia akilini, kwa sababu spika iliyokaa dukani kweli huishiwa chaji. Unalipa. Nyumbani unaichaji usiku kucha, asubuhi unachomoa, inapiga dakika mbili na kuzima. Ukirudi anakwambia bodi ya chaji imeungua, leta hela ya bodi mpya. Hapo ndipo wizi wa pili.

Aliyeamini asijione mjinga. Taa ile inawashwa na volti 5 zinazotoka kwenye waya. Inaonyesha kwamba umeme umefika kwenye bodi, haionyeshi kwamba seli, yaani betri ya ndani, imeupokea na kuutunza. Sauti nayo ni vivyo hivyo: spika nyingi zikiwa kwenye waya zinapiga kwa umeme wa waya huohuo, hata seli ikiwa haifai kitu.

Kabla ya kumpa mtu hela ya bodi, ifungue spika na uweke multimita kwenye volti za DC, kipimo cha 20. Gusa ncha za seli yenyewe, siyo nyaya zinazotoka kwenye kisaketi cha ulinzi. Kisaketi hicho hukata umeme seli ikishuka sana, kwa hiyo ukipima baada yake unaweza kusoma sifuri na kuilaumu seli bure.

Spika moja iliyotoka kwake ilisoma hivi. Bila waya, seli ilikuwa na volti 3.3. Waya ulipochomekwa ikaruka hadi 4.19 ndani ya dakika tatu, na taa ikageuka kijani kana kwamba imejaa. Waya ulipotolewa ikarudi 3.6. Muziki ulipowashwa kwa sauti ya kati ikaporomoka chini ya 3 na spika ikazima, kisha ikapanda tena polepole hadi 3.4. Bodi hiyo ni nzima: imesukuma chaji na imesimama kwenye 4.2 inavyotakiwa. Seli ndiyo iliyochoka. Ukinzani wake wa ndani umekuwa mkubwa, kwa hiyo volti zinapanda haraka wakati wa kuchaji na kuanguka mara tu spika inapovuta umeme. Ukiifunga bodi mpya hapo, dakika mbili zitabaki dakika mbili.

Bodi ikiwa ndiyo mbovu, utaona tofauti. Seli inasoma tuseme 3.4, unachomeka waya, unasubiri dakika ishirini spika ikiwa imezimwa, na bado ni 3.4 ileile huku taa ikiwaka. Hakikisha kwanza waya wa kwenda kwenye seli haujakatika na volti 5 zinafika kwenye tundu la chaji. Kisha ichaji seli hiyo nje, kwenye chaja ya seli za aina hiyo. Ikirudi na kupiga saa kadhaa, hapo ndipo mwenye kudai hela ya bodi anasema kweli.

Seli iliyokutwa chini ya volti 2 na imekaa hivyo muda mrefu usiifufue. Inaweza kupata shoti ya ndani ikichajiwa na kushika moto. Itoe.

Na seli anazobandika! Ile ya duara ya 18650 imeandikwa 9800mAh. Huo ni uongo mtupu, kwani seli nzuri za ukubwa huo huwa karibu 3500. Ukiishika utahisi wepesi: ya kweli ina gramu 45 hivi au zaidi.

Mtu huyu arudishe hela za watu wote na aondolewe kwenye kila kundi analotangazia. Anajua anachofanya, kwa sababu kila spika yake hukutwa ikiwa na waya, na kila mara anazuia usichomoe. Skrubu za spika zake nyingi pia zina mikwaruzo, dalili kwamba zimeshafunguliwa. Ukikutana naye, mwambie achomoe waya kwanza, kisha apige muziki kwa sauti kubwa dakika kumi na tano mbele yako. Akikataa, ondoka na hela yako.