Mkufunzi wa kahawa aliyebandika plasta kwenye mashine yangu

Nilimleta mkufunzi kutoka Bara aje awafundishe vijana wangu wawili wapya hapa mkahawani, Shangani. Siku tatu akamaliza, akalipwa, akapanda boti. Nikimkumbuka mpaka leo damu inanichemka.

Mashine yetu ya kusagia inapima kwa sekunde: ukibonyeza inasaga muda uliopangwa, inakata. Akaipanga asubuhi, gramu 18 za unga zikatoa gramu 36 za kahawa kwa sekunde 28, na wallahi ilikuwa tamu. Basi akabandika plasta pembeni kuonesha alama, akasema, "Hapa hapa, nyinyi bonyezeni tu." Mizani aliyopimia akaitia mkobani akaondoka nayo. Ni yake, sawa, lakini hata kutuambia tununue yetu?

Juma la pili boti ya mchana ikashusha watu, foleni mpaka barabarani. Buni juu ya mashine zimebaki vidole viwili. Zikipungua hivyo, hakuna uzito wa kuzisukuma chini, kwa hiyo sekunde zilezile zinatoa unga mchache. Kijana hakujua. Kaona kahawa inatoka mbio kwa sekunde 17, nyepesi kama chai ya rangi, ina uchachu; akakaza mashine isage laini zaidi. Ikatulia kidogo. Mwenzake akaja akamimina kilo nzima ya buni. Unga ukarudi wingi wake, nao sasa laini mno: sekunde 50, tone, tone, chungu kama shubiri. Akalegeza, akaonja, bado chungu, akalegeza tena. Kumbe ile ya kuonja ilikuwa na unga wa zamani uliokwama kooni mwa mashine! Zilizofuata zote maji matupu. Mzee mmoja, mteja wangu wa kila siku, akakisukuma kikombe: "Binti, leo umenipa nini?"

Nikampigia mkufunzi. "Mama, vijana wako wana mikono mizito." Mikono! Kwani mkono ndio uliosaga?

Nimenunua kimizani kama cha sonara. Sasa kahawa ikibadilika wanapima unga kwanza. Ukiwa 18 ndipo waguse usagaji, na wakigusa, wanasaga kidogo wanamwaga kabla ya kuonja. Buni hazishuki chini ya nusu.

Nyota moja. Ingawa, haki yake nimpe, maziwa aliwafundisha: yule msichana anashika jagi tu na kiganja, anajua pa kukata mvuke, kapuchino ya saa mbili na ya saa kumi hazitofautiani. Haya, mbili. Na juzi kijana ananiambia kwa sauti ya chini, "Da, si wewe uliyetukataza kumwaga unga?" Ni kweli nilisema, buni bei ghali. Lakini mkufunzi alikuwepo, alinisikia, akanyamaza!

Plasta nimeibandua. Gundi yake haitoki.