Saa ya kwanza ya mtoto: tafuta itakayomfundisha kuona moja palipoandikwa 7

Binti yangu alipotimiza miaka saba nilimnunulia saa ya namba, ile nyeusi ya plastiki ambayo nusu ya mtaa wetu tumeivaa. Niliona nimemaliza kazi. Jioni moja mama yake alimuuliza saa ngapi, naye akatazama mkono na kujibu kwa kujiamini: "Kumi na nane, arobaini na tano." Hakukosea hata namba moja, ila hakutuambia saa ngapi. Jibu alilolitaka mama yake lilikuwa saa moja kasorobo.

Ili kufika hapo kutoka 18:45, mtoto anatoa sita kwenye kumi na nane, anapata kumi na mbili na dakika arobaini na tano, kisha anageuza tena: zimebaki dakika kumi na tano kufika saa moja. Ikiwa 20:00 anatoa sita anapata kumi na nne, halafu anatoa kumi na mbili. Ikiwa saa imewekwa kwenye masaa 12 na inasomeka 2:35, hawezi kutoa sita, anaongeza. Hizo ni hesabu tatu tofauti kwa swali moja, na mtoto wa darasa la pili anakata tamaa kabla ya ya pili.

Saa ya mishale haimdai hesabu yoyote. Kwa kuwa tofauti yetu na namba zilizochapwa ni masaa sita kamili, na uso wa saa una masaa kumi na mawili, saa ya Kiswahili iko upande wa pili wa duara, ikitazamana na mshale mfupi. Mshale mfupi ukiwa kwenye 7, ng'ambo yake ni 1: saa moja. Ukiwa kwenye 3, ng'ambo ni 9: saa tisa. Hata kasorobo inajionyesha: 8:45 mshale mfupi unakaribia 9, ng'ambo yake panakaribia 3, mshale mrefu umebakiza robo duara, basi ni saa tatu kasorobo. Anayesoma shule ya Kiingereza anatazama ncha ya mshale huohuo akiwa darasani na ng'ambo yake akiwa nyumbani. Kwa sababu hii orodha yangu inaanza na saa za mishale, ingawa kwa ugumu peke yake saa za namba zingeshinda.

Nafasi ya kwanza: saa ndogo ya mishale, namba zote 12, 10BAR

Mfano ninaoufahamu vizuri ni Casio LRW-200H. Ina namba zote kuanzia 1 hadi 12, na hilo ndilo sharti langu la kwanza. Saa nyingi nzuri za watu wazima zina vijistari tu, au 12, 3, 6 na 9 peke yake. Mtoto anayejifunza kutazama ng'ambo akikuta kijistari hana cha kusoma.

Sharti la pili ni ukubwa. Upana wake ni kama milimita 34. Kaka yake, MRW-200H, anavuka milimita 40, na kwa mtoto ni mkubwa mno. Pima kwa uzi: zungusha kwenye kifundo cha mkono, kisha ulaze kwenye rula. Wa binti yangu ulitoka sentimita 13, na juu ya mkono, pale saa inapolala, palikuwa na kama sentimita 4 tu. Saa inayozidi kingo za mkono ndiyo inayogonga kila mlango na kila dawati. Matundu ya mkanda nayo huenda yasimfikie, lakini fundi saa hutoboa mengine mawili kwa dakika moja.

Maandishi ya maji yasomwe kwa uangalifu, maana hapa wengi hudanganyika. Saa iliyoandikwa WATER RESIST bila namba inavumilia mvua na kunawa mikono, basi. Iliyoandikwa 3BAR au 30M si ya kuzama mita thelathini; hiyo mita ni kipimo cha maabara, saa ikiwa imetulia. 5BAR inaweza kuogelea kidogo. Kwa mtoto wa Tanga au Mombasa anayeingia baharini kila Jumapili, 10BAR ndiyo inayofaa.

Hata hiyo 10BAR ina adui mmoja, naye ni kile kifundo cha pembeni cha kurekebishia. Watoto hupenda kukivuta. Kikiwa nje, saa husimama na maji huingia. Utaona ukungu chini ya kioo. Usiizike kwenye mchele. Ipeleke kwa fundi siku hiyohiyo aifungue, aikaushe na kutazama mpira wa mfuniko wa nyuma. Maji ya chumvi yakilala ndani usiku mmoja huanza kula mashine.

Nafasi ya pili: saa za kufundishia

Hizi ndizo zenye uso bora kuliko zote, na kama swali lingekuwa kufundisha tu, zingekaa juu. Flik Flak za Uswisi zimetengenezwa tangu 1987, na Timex wana zao ziitwazo Time Machines. Mishale yake ina rangi tofauti au imeandikwa ipi ya saa na ipi ya dakika, na nyingi zina duara la nje lenye dakika 5, 10, 15 hadi 60. Mkanda wa kitambaa hulala vizuri kwenye mkono mwembamba, na ukichafuka unafuliwa.

Rangi ya mishale ina faida kwetu kuliko kwa wenzetu. Mtoto akishazoea kutazama ng'ambo, kosa lake la kwanza ni kuutazama ng'ambo na mshale mrefu pia. Dakika kumi anaziita arobaini. Ukimsikia anakosea kwa nusu saa kamili kila mara, ujue kosa ni hilo. Ukiwa na mshale mfupi mwekundu unamwambia: mwekundu unavuka, mwingine hauvuki. Kwenye saa ya kawaida fundi anaweza kuufungua mfuniko na kuweka tone la rangi ya kucha kwenye mshale mfupi, lakini tafuta fundi mwenye mkono mtulivu.

Kwa nini basi nafasi ya pili? Maji ni 3BAR kwa kawaida, bei iko juu, na madukani kwetu ni nadra. Nyingi huja kwenye sanduku la shangazi wa Ulaya. Ukimwagiza shangazi, mwambie asilete yenye 13 hadi 24 duara la ndani. Namba thelathini na sita kwenye uso wa milimita thelathini ni msitu.

Nafasi ya tatu: Casio MQ-24

Nyepesi, kama gramu 20, mtoto anaisahau mkononi. Bei ni ya chini kiasi kwamba ikipotea shuleni hakuna kesi. Lakini inavumilia matone tu, na inauzwa kwa nyuso nyingi, nyingine za vijistari. Kioo chake ni cha plastiki: hakipasuki, ila kinachubuka, na baada ya mwaka namba husomeka kama kwenye moshi. Mikwaruzo midogo hutoka kwa dawa ya meno na kitambaa laini. Kwa mtoto anayepoteza penseli mbili kwa wiki ningeipandisha hadi juu kabisa.

Nafasi ya nne: ile nyeusi ya namba

Casio F-91W imekuwepo tangu 1989, ina uzito wa gramu 21, na betri yake hukadiriwa kudumu miaka saba. Kwa kuanguka ni vigumu kuishinda, kwani haina mishale ya kung'oka. Ni saa nzuri ya pili, mtoto akifika miaka tisa au kumi na kuzoea kuhesabu masaa sita bila vidole. Bandia ni nyingi. Bonyeza kitufe cha kulia bila kuachia kwa sekunde tatu. Halisi huandika `CASIo` kwenye kioo. Baadhi ya bandia zimejifunza nazo kuandika, kwa hiyo isipoandika usinunue, ikiandika endelea kukagua.

Zisizostahili nafasi

Saa za mpira zenye rangi za pipi, zinazowasha taa nyekundu ukibonyeza, huvutia watoto kuliko zote hapo juu. Tatizo langu kubwa ni mfuniko wa betri: nyingi unaufungua kwa ukucha. Betri ya lithiamu yenye upana wa milimita 20 ikikwama kooni inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu. Akimeza, ni hospitali moja kwa moja, bila kumtapisha. Ukiwa na mdogo wake anayetambaa, nunua saa yenye mfuniko wa skrubu.

Saa za laini ya simu ni ununuzi mwingine. Anayeivaa anajifunza kujibu simu, na inataka chaji kila siku au mbili. Ujerumani ilipiga marufuku mwaka 2017 zile zinazomwezesha mzazi kusikiliza kinachosemwa karibu na mtoto kisirisiri.

Kuanza kufundisha

Usimpe mishale miwili siku ya kwanza. Nilichukua saa mbovu ya ukutani, nikang'oa mshale mrefu, nikauliza ule mfupi tu kwa wiki mbili: "Umevuka saa mbili? Bado?" Baada ya hapo ikaja na nusu, na robo, kasorobo, kisha tano tano. Alipovaa saa yake mpya ya mishale, rula ndogo ikiwa imelazwa juu ya kioo kupitia katikati, alipata ng'ambo bila kukosea, na siku ya nne akaitupa rula.

Wazee wengine walikata shauri kwa kuisogeza saa yenyewe masaa sita, ili 1 iwe saa moja kweli. Babu yangu alikuwa nayo. Ukiipeleka mbele, na kama ina tarehe, tarehe hubadilika saa kumi na mbili jioni, karibu na magharibi, kama siku ya Kiislamu inavyoanza. Ni nzuri mno, ila mtoto akitoka nayo atakuta simu na saa ya ukutani ya darasani zinamkana, naye ataamini yake ndiyo mbovu. Sikuifuata.

Betri ikiisha, mwambie fundi akutafutie ile ile iliyokuwa ndani. Kwa MQ-24 ni SR626SW. Ya bei rahisi yenye maandishi AG4 inaingia palepale, lakini huisha mapema, na ikisahauliwa humo huvuja.