Namba 40, lengo moja: kujaribu zote au kugawa nusu?

Una namba 40 na unatafuta kundi lenye jumla fulani. Kujaribu makundi yote ni rahisi kuandika na hakuhitaji kumbukumbu kubwa, lakini makundi ni 2^40, zaidi ya trilioni moja. Hadi namba 25 hivi, ningetumia njia hiyo bila wasiwasi.

Kugawa nusu ni kutenganisha namba katika pande mbili za 20, kushoto na kulia, kisha kuandika jumla ya kila kundi la kila upande: unabaki na orodha mbili, kila moja ikiwa na jumla 1,048,576. Zipange zote mbili kutoka ndogo kwenda kubwa. Tuseme namba ni 7, 11, 18 na 5, 14, 23, lengo 44. Kushoto unapata 0, 7, 11, 18, 18, 25, 29, 36. Kulia 0, 5, 14, 19, 23, 28, 37, 42. Anza na ndogo ya kushoto na kubwa ya kulia: 0+42 haifiki, songa mbele kushoto. 7+42 imezidi, rudi nyuma kulia. 7+37 ni 44, yaani 7, 14 na 23. Hakuna hatua inayorudiwa, ndiyo maana kupanga kunalipa.

Gharama yake ni kumbukumbu: kwa namba 60, kila orodha hudai takriban GB 8 ukitumia baiti 8 kwa kila jumla.