Hugin kwa nyuso zilizovutika pembezoni: uzoefu wangu

Hugin ni programu ya bure ya kuunganisha picha, lakini mimi naitumia kwa picha moja moja: picha za kundi zilizopigwa kwa lenzi pana, pale mtu wa ukingoni amefumba macho na uso wake mzuri uko kwenye picha nyingine aliyosimama katikati.

Ukiuhamisha uso huo moja kwa moja, hautakaa. Lenzi ya mm 24 kwenye kamera ya fremu kamili huvuta uso ulio katikati ya ukingo wa kulia au kushoto kwa uwiano wa 1.25, na ulio kwenye kona kabisa kwa takriban 1.35. Huo si ubovu wa lenzi. Ndiyo gharama ya kuweka kuta zikiwa zimenyooka. Kwa hiyo kuwasha marekebisho ya lenzi hakuuponyi uso. Tena mvuto hufuata mstari utokao katikati ya picha, ndiyo maana kichwa cha konani huonekana kimelala mshazari, na kukibana kwa upana tu hakusaidii.

Picha zote mbili nazipitisha Hugin, moja moja, kabla sijakata chochote. Kwenye kichupo cha Photos naacha Lens type iwe Rectilinear, ile inayoweka kuta zikiwa zimenyooka, na kuhakiki HFOV, yaani pembe ya mlalo ambayo lenzi inaiona: kwa mm 24, picha ikiwa ya kulala, ni nyuzi 73.74. Kwenye kichupo cha Stitcher nachagua Projection ya Stereographic, nabonyeza Calculate Field of View, halafu Calculate Optimal Size, na kutoa TIFF. Vichwa hurudia umbo lake, kuta zinapinda. Hapo ndipo nahamisha uso ndani ya GIMP, programu ya kuhariri picha, nikiuweka kwenye tabaka lake lenye maski.

Baada ya hapo natoa faili na kulirudisha Hugin kama mradi mpya: Lens type Stereographic, HFOV ile iliyoonyeshwa kwenye Field of View mara ya kwanza, na Projection Rectilinear. Uso unavutika tena sawasawa na mabega yake. Nachukua kichwa hicho tu na kukipachika juu ya picha ya awali, nikikilinganisha kwa ukosi wa shati, maana picha iliyochakatwa mara mbili hupoteza ukali kidogo.

Kosa linalosumbua zaidi ni kutumia picha iliyokwisha kukatwa. Hugin huchukulia kwamba katikati ya faili ndiko lenzi ilikotazama. Ukikata upande mmoja, uso wa upande wa pili hubaki umepinda. Ukiona vichwa vya kushoto ni vizuri na vya kulia vimelala, anza hapo.

Kama ukuta wa nyuma ni majani au anga, sirudi Rectilinear kabisa. Naiacha Stereographic, na kila mtu anapendeza. Isipokuwa pua iliyokuzwa kwa sababu mtu alisimama karibu mno na kamera: hiyo Hugin haiigusi.