Uzoefu wangu: kubadilisha namba ya simu benki baada ya laini kupotea, Mbeya

Simu yangu ilipotelea stendi ya Makambako, nami nikaendelea na laini nyingine kwa miezi kadhaa. Nilipokwenda kurudisha ile ya zamani, nikaambiwa imefungwa kwa kukaa bila kutumika na tayari ameuziwa mtu mwingine. Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli, maana taarifa za akaunti yangu zilikuwa zinaingia kwenye simu ya mtu nisiyemjua: kilichowekwa, kilichotolewa na salio.

Tawi langu la Mwanjelwa hawabadilishi namba kwa kupiga simu, na hilo nawaunga mkono. Lazima ufike mwenyewe na barua, kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki. Niliandika kwa Meneja wa Tawi hivi:

"YAH: OMBI LA KUBADILISHA NAMBA YA SIMU KWENYE AKAUNTI NAMBA ...

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mmiliki wa akaunti iliyotajwa. Laini yangu namba ... ilipotea na kwa sasa anaitumia mtu mwingine. Naomba namba hiyo ifutwe kwenye taarifa zangu, kwenye ujumbe wa miamala na kwenye huduma ya benki kwa simu, na badala yake iwekwe namba ..., iliyosajiliwa kwa jina langu."

Neno "ifutwe" ndilo lililonisaidia. Dada wa dawati la huduma alinieleza kwamba namba iliyo kwenye taarifa za mteja na ile ya benki kwa simu husajiliwa kila moja peke yake. Ukiandika "naomba kubadilisha namba" tu, wanaweza kuweka mpya kwenye taarifa zako huku ya zamani ikibaki kwenye menyu ya simu.

Kilichonichelewesha ni sahihi. Akaunti niliifungua zamani, na mkono wangu umebadilika. "Kaka, hii haifanani na ya kwenye mfumo," akasema, akanipa fomu nisaini upya mbele yake, nikaweka na alama ya kidole. Alifanya kwa heshima, ila foleni ya dawati moja kwa tawi lenye watu wa sokoni wote wale ni mateso. Hapo nawakata alama.

Barua nilitoa nakala, wakaigonga muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Usiondoke bila huo muhuri; pesa zikiguswa baadaye, ndio ushahidi kwamba uliwajulisha.

Kujua kama imekamilika, nilikwenda kwa wakala nikaweka shilingi elfu mbili. Ujumbe uliingia kwenye namba mpya, lakini menyu ya benki kwa simu ilinikatalia ikidai sijasajiliwa. Nilirudi na ile nakala, wakamalizia usajili nikiwa nimesimama pale, nikaweka namba ya siri mpya. Kisha nikamwomba dada anisomee kwenye kompyuta namba zote zilizobaki kwenye akaunti yangu. Alinitajia moja tu, hii mpya.