Kifuko cha tegu wa mbwa kwenye ini: vidonge au sindano?

Tuseme mfugaji wa Turkana ana kifuko kimoja cha maji, hakina vyumba ndani. Kikiwa chini ya sentimita 5, mara nyingi albendazoli pekee hutosha: miligramu 400 mara mbili kwa siku, pamoja na chakula chenye mafuta, miezi 3 hadi 6, huku damu ikipimwa.

Kikifika sentimita 7, vidonge peke yake mara nyingi hushindwa. Hapo, mgonjwa akiwa ameshaanza albendazoli, sindano huongozwa kwa ultrasaundi: maji hunyonywa na kupimwa nyongo, huingizwa maji ya chumvi ya asilimia 20, na baada ya dakika 15 hunyonywa tena. Nyongo ikionekana, chumvi isiingizwe, itaunguza mirija. Adrenalini iwe karibu, maana maji ya kifuko yakivuja, mzio huweza kuua.

Kifuko cha pafu, hata kidogo, hakichomwi sindano kabisa.